Zoezi la mende mfu kwa wale ambao kiuno chao huinuka

Mende akifa hulala chali, miguu ikielekea juu, na sura hiyo ndiyo iliyolipa zoezi hili jina lake. Mtu hulala chali juu ya mkeka, hunyoosha mikono yote miwili kuelekea dari, kisha huinua miguu mpaka magoti yawe juu ya nyonga na miundi iwe sambamba na sakafu. Kutoka hapo hupeleka mkono wa kulia nyuma ya kichwa huku mguu wa kushoto ukinyooka na kushuka karibu na sakafu, hurudi alipoanzia, halafu hubadilisha upande. Mtazamaji huona mikono na miguu ikienda na kurudi, lakini kazi yenyewe iko mahali pasipoonekana kufanya lolote, yaani kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na fupanyonga, kwa kuwa zoezi zima linakusudia sehemu hiyo ibaki imetulia wakati viungo vinaivuta.

Kwa wengi wanaoanza, sehemu hiyo haitulii. Mguu unapoanza kunyooka, kiuno hupinda kama upinde na kuachana na mkeka, mbavu za chini hutokeza, na tumbo, badala ya kukaza, huvutika tu. Mtu huendelea kuhesabu hadi 10 au 15 akidhani anaimarisha tumbo, na siku ya pili huamka kiuno kikiwa kimechoka. Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, hapa Bukavu, na jambo hili naliona mara kwa mara kiasi kwamba nimeona heri niliandikie peke yake, nikimfuata mtu mmoja tangu siku ya kwanza: mshonaji wa nguo wa Kadutu, mama wa watoto wawili, mwenye uzito wa kilo 64. Alikuwa ameiga zoezi hili kutoka kwenye video ya simu, akalifanya kila jioni kwa juma tatu juu ya kitanda chake. Hakuwa na maumivu yanayoshuka mguuni wala ganzi. Alikuwa na kiuno kilichochoka tu. Nilipomwomba anionyeshe anavyofanya, nikamwuliza anasikia kazi wapi, alinijibu, "Docta, kiuno ndicho kinachofanya kazi. Tumbo silisikii kabisa."

Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko vipimo vingi, na sababu yake iko katika namna misuli ya kukunja nyonga ilivyofungwa mwilini. Ulio mkubwa kati ya misuli hiyo huanzia kwenye pingili za kiuno zenyewe, ubavuni mwa uti wa mgongo, hupita mbele ya fupanyonga, na kuishia kwenye kinundu kidogo cha ndani ya fupa la paja, karibu na juu. Mwenzake huanzia kwenye bawa la ndani la fupanyonga na kuishia mahali pale pale. Mguu unapokuwa hewani na kuanza kushuka, misuli hii haina budi kuushikilia usianguke, na kadiri inavyoushikilia ndivyo inavyovuta ncha zake zote mbili, ile ya chini iliyo kwenye paja na ile ya juu iliyo kwenye kiuno. Fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kati ya ukuta na mti uliochomekwa kwenye udongo laini wa mtelemko. Ukitundika shuka lililolowa maji, ukuta hausogei, mti ndio unaoinama. Ikiwa tumbo halijashikilia fupanyonga na mbavu zisisogee, kiuno ndicho mti ule: huvutwa mbele, fupanyonga huinamia mbele pamoja nacho, na mwanga hupenya chini ya mgongo.

Kwa hiyo kiuno kinachoinuka hakimaanishi kwamba mgongo ni dhaifu, na mara nyingi hakimaanishi hata kwamba tumbo ni dhaifu kwa jumla. Kinamaanisha kwamba katika hatua ile, kwa urefu ule wa mguu, mvuto umezidi kile ambacho tumbo limejifunza kushikilia. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa anayeamini kwamba tatizo ni udhaifu huongeza marudio, ilhali anayeelewa kwamba tatizo ni mvuto huanza kwa kuupunguza.

Upungue kiasi gani? Hapa hesabu ndogo inasaidia. Mguu mzima wa binadamu, tangu nyonga hadi unyayo, hubeba karibu asilimia 16 ya uzito wa mwili, kwa hiyo mguu mmoja wa mshonaji wetu una kilo 10 na kidogo. Goti likiwa juu ya nyonga, paja limesimama wima na uzito wake unaelemea moja kwa moja ndani ya kiungo cha nyonga, hivyo kinachovuta ni muundi na unyayo peke yake, kama kilo 4 zinazoning'inia robo mita hivi kutoka kwenye nyonga. Mguu ukinyooka wote na kulala karibu na sakafu, zile kilo 10 zote zinavuta, na kitovu cha uzito wake kimefika umbali wa zaidi ya theluthi ya mita. Ukizidisha uzito kwa umbali unapata kwamba mvuto umekuwa karibu mara nne ya ule wa mwanzo. Kati ya hali hizo mbili ipo ya tatu: goti hubaki limekunjwa kwa pembe ile ile ya mraba na mguu hushuka mpaka kisigino kiguse sakafu, na hapo mvuto ni zaidi ya mara mbili ya ule wa kuanzia, lakini bado uko mbali na mara nne. Anayeanza na mguu ulionyooka amerukia kilo nyingi siku ya kwanza bila kujua, kwa sababu hajashika chuma chochote mkononi.

Kabla ya kupunguza mvuto, lazima mtu ajue kiuno chake kinaachana na mkeka wakati gani, maana mwenyewe hawezi kukiona, na hisia za mgongo hudanganya sana. Kitu cha kwanza nilichobadilisha kwa yule mama ni kitanda. Godoro humfuata mtu: kiuno kikiinuka, sponji nayo hupanda kidogo na kuendelea kumgusa, kwa hiyo anaamini bado amelala sawasawa. Zoezi hili lataka sakafu ngumu, na kwa baridi ya simenti ya nyumba zetu blanketi moja iliyokunjwa mara mbili chini ya mkeka inatosha.

Kitu cha pili ni kikwembe. Kikunjwe mpaka kiwe utepe wenye upana wa viganja viwili, kisha kipitishwe chini ya kiuno, usawa wa kitovu, ncha moja ikitokeza pembeni. Mtu wa nyumbani, hata mtoto mkubwa, hushika ncha hiyo na kuivuta polepole, bila nguvu, wakati zoezi linaendelea. Maadamu kiuno kinakilalia kitambaa, kitambaa hakitoki. Mara tu kiuno kinapoinuka, kitambaa huteleza, na mvutaji husema "hapo". Neno hilo moja humwonyesha mlalaji hatua ambayo tumbo lake liliachia. Asiye na wa kumsaidia anaweza kutia vidole vya mkono mmoja chini ya kiuno na kufanya zoezi kwa miguu tu. Ataona jinsi shinikizo juu ya vidole linavyopungua kabla hajasikia lolote mgongoni.

Katika vyumba vya tiba tunatumia pia mfuko wa kupimia presha, ule unaofungwa mkononi. Unawekwa chini ya kiuno, unajazwa hewa mpaka sindano isome 40, kisha mgonjwa hutembeza mguu huku tukitazama sindano. Njia hii inafuata kipimo kinachohusishwa na Shirley Sahrmann, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Marekani, ambacho hutumia mfuko maalumu, na kanuni ya kawaida ni kwamba sindano isihame zaidi ya 10 juu wala chini. Muuguzi aliye na kifaa hicho nyumbani anaweza kujaribu, lakini kwa mtu mwingine kikwembe kinatosha.

Sasa niseme neno juu ya kosa ambalo hata wanaofundisha mazoezi hulifanya, nalo ni kudai kwamba mgongo wote lazima ugandamane na sakafu. Kiuno cha mtu mzima kina mpindo wake wa asili, na ukubwa wa nafasi iliyo chini yake mtu anapolala unategemea pia mambo yasiyohusu misuli ya tumbo. Mwenye makalio makubwa, kwa mfano, fupanyonga yake huwa juu zaidi ya sakafu, na nafasi itakuwepo hata tumbo lake likiwa imara kama ubao. Nimewaona akina mama walioambiwa wakandamize kiuno mpaka nafasi yote iishe, nao wakaishia kukaza makalio, kusukuma kwa visigino na kuinua mkia kutoka sakafuni, jambo ambalo ni zoezi lingine kabisa. Swali la kujiuliza si kama nafasi ipo. Swali ni kama nafasi inabadilika mguu unapoondoka. Ndiyo maana napenda kikwembe: kikunjwe mikunjo mingi au michache kulingana na umbo la mtu, mpaka kiijaze nafasi yake na kiuno kikiguse bila kulazimishwa, kisha kazi ya tumbo ni kuhifadhi mguso huo tu. Kwa anayeanza naruhusu shinikizo dogo kuelekea chini, kama la mtu anayeshika karatasi isipeperuke. Likifika kiasi cha kushindwa kuzungumza, limezidi.

Namna ya kulipata shinikizo hilo haianzii mgongoni. Huanzia kwenye pumzi. Mbavu za chini zikiwa zimetokeza mbele, misuli ya tumbo inayoanzia hapo kushuka mpaka kinena imevutika na haiwezi kuzuia fupanyonga vizuri. Mtu akitoa pumzi yote taratibu kupitia mdomoni, kama anayepuliza makaa ya mbabula yasitimue majivu, mbavu hushuka zenyewe, na mwishoni mwa pumzi atasikia pande za tumbo, chini kidogo ya mbavu, zikikaza bila kuamriwa. Huo ndio mkazo unaotakiwa. Si kuvuta kitovu ndani, wala si kutunisha tumbo. Baada ya kuupata, avute hewa kidogo kupitia puani bila kuziachia mbavu zitokeze tena, na hilo la mwisho ndilo gumu. Nilimpa mshonaji jambo hili peke yake kwa siku mbili, akiwa amekunja magoti na nyayo zikiwa sakafuni, pumzi tano asubuhi na tano jioni, kwa sababu nilipomwekea mkono kwenye mbavu niliona kwamba kila alipoanza kusogeza mguu alikuwa anaziba pumzi. Anayeziba pumzi hupata ugumu wa muda mfupi, ambao unamwacha pale pale anapovuta hewa, na mara nyingi mguu wakati huo ndio kwanza umefika mbali.

Siku ya tatu tulianza miguu. Hatua ya kwanza haifanani hata kidogo na mende: nyayo zote mbili ziko sakafuni, magoti yamekunjwa, mikono iko pembeni. Akitoa pumzi, huinua mguu mmoja mpaka goti liwe juu ya nyonga, huvuta hewa, hutoa tena na kuushusha. Mguu unaobaki chini unaituliza fupanyonga, kwa hiyo tumbo linapambana na mvuto wa upande mmoja tu. Kitambaa kilibaki mahali pake mara nane kwa kila mguu, tukapita bila kukaa hapo.

Hatua ya pili ilitushika zaidi. Nyayo ziko sakafuni kama kwanza, lakini sasa kisigino kinateleza juu ya sakafu kwenda mbele mpaka mguu unyooke, kisha kinarudi. Soksi juu ya simenti huteleza vizuri. Aliye peku anaweza kuweka kipande cha kitambaa chini ya kisigino. Kwa kuwa sakafu inabeba sehemu kubwa ya uzito wa mguu, mtu anapata kujifunza kunyoosha nyonga bila kulipa gharama ya kilo 10. Hapa mshonaji alishikilia mpaka umbali wa shibiri moja kabla ya goti kunyooka kabisa, ndipo kitambaa kikateleza. Nilimwomba asivuke hapo. Alirudia mara sita kwa kila mguu, seti mbili, siku tatu katika juma, akisimama kila mara kwenye ile shibiri. Mwishoni mwa juma la pili shibiri ilikuwa imeisha yenyewe, bila kuongeza idadi wala nguvu.

Kuhusu ile shibiri, baadhi ya watu wanaogopa kwamba kufanya nusu ya mwendo ni kupoteza wakati. Sikubaliani nao hata kidogo. Sehemu ya mwendo inayofuata baada ya kiuno kuinuka haifanyiwi kazi na tumbo. Inabebwa na viungo vya nyuma vya pingili na misuli ya mgongo. Kila rudio linalopita hapo linaufundisha mwili kwamba njia ya kunyoosha mguu ni kupinda kiuno, na mwili hushika fundisho hilo upesi.

Katika juma la tatu miguu yote miwili iliondoka sakafuni, na hapo kuna hila moja ambayo imewasaidia wengi wa wagonjwa wangu. Mguu unaosubiri, ule ambao zamu yake haijafika, usikae juu ya nyonga barabara. Uvutwe kidogo kuelekea kifuani, goti likaribie kuwa juu ya kitovu, na kwa anayeanza kabisa ushikwe kwa mikono miwili. Paja likikaribia kifua, fupanyonga huviringika nyuma na kiuno hukaribia sakafu, hivyo mguu mmoja unasaidia kuzuia kile ambacho mwenzake anakivuta. Mshonaji alikumbatia goti la kulia na kushusha mguu wa kushoto, goti likiwa bado limekunjwa, mpaka kisigino kikagusa sakafu kwa wepesi, kama anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Anayetua kisigino kwa kishindo hajaushusha mguu, ameuacha uanguke, na kwa kawaida kiuno kilishapinda kabla ya kishindo hicho. Baada ya siku tatu za mazoezi aliliachia goti, mikono ikanyooka kuelekea dari, na mende wetu akawa amepata sura yake.

Mpaka hapo nilikuwa nimeiacha mikono bila kuitumia, na ilipoingia kazini ilituonyesha jambo ambalo sikulitarajia kwake. Miguu ikiwa imetulia hewani, nilimwomba apeleke mkono mmoja tu nyuma ya kichwa. Kikwembe kiliteleza mara moja. Tukarudia kwa mkono wa pili, kikateleza tena. Wengi hudhani mkono ni pambo la zoezi, kwa kuwa ni mwepesi, lakini uko msuli mpana wa mgongo unaoanzia kwenye utando mgumu wa kiuno na ukingo wa fupanyonga, ukapanda na kwenda kushika fupa la mkono karibu na bega. Mkono unapopita juu ya kichwa, msuli huo huvutika kama mpira, na usipokuwa na urefu wa kutosha huvuta ncha yake ya chini. Bega gumu lina matokeo hayo hayo: mkono unaposhindwa kwenda mbali, mwili huinua mbavu na kupinda kiuno ili kiganja kionekane kimefika. Mtu anayeinamia mashine ya kushona tangu asubuhi, mikono ikiwa mbele muda wote, hupata nafasi chache za kuipeleka juu ya kichwa, na haikunishangaza baadaye kwamba mabega yake yalikuwa hivyo.

Dawa haikuwa kulazimisha. Tuliweka mto mgumu nyuma ya kichwa chake, wenye kimo cha santimita 20 hivi, ili mkono utue juu yake na usifike sakafuni, maana mpaka kimo hicho kitambaa kilikuwa hakitoki. Kila juma tulipunguza kimo kidogo. Isitoshe, tulitenganisha mikono na miguu: seti moja ya miguu peke yake, mikono ikisukuma ukuta ulio nyuma ya kichwa, na seti moja ya mikono peke yake, nyayo zikiwa sakafuni. Kusukuma ukuta kwa viganja, viwiko vikiwa vimekunjwa na kuelekea dari, huikaza misuli ya mbele ya kiwiliwili bila mtu kuiwaza, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza wanasikia tumbo likifanya kazi. Kwake ilikuwa hivyo. Alicheka, akasema, "Kumbe liko!"

Hili laonyesha kwa nini ni vizuri kupima kiungo kimoja kimoja kabla ya kuviunganisha. Kama kitambaa kinateleza mguu peke yake unapoondoka, urefu wa mguu ndio wa kupunguza. Kama kinateleza kwa mkono peke yake, bega na mbavu ndizo za kushughulikia, na kukazania miguu kwa miezi hakutabadilisha kitu. Kama kila kimoja kinashikilia kikiwa peke yake lakini vyote viwili kwa pamoja vinashindwa, basi mtu ameelewa zoezi na anachohitaji ni kwenda polepole zaidi, pumzi moja ndefu ya sekunde nne au tano kwa kila mwendo wa kwenda, kwa sababu haraka huwezesha mguu kupita mahali pa ugumu kabla tumbo halijajibu.

Kuna hali chache ambapo siendelei na zoezi. Mtu akipata maumivu yanayoteremka kwenye paja mpaka muundi, ganzi, mguu unaoishiwa nguvu, au akianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, aache mazoezi na amwone daktari, na hilo la mwisho lisingoje kesho. Mjamzito aliyepita nusu ya mimba asikae chali kwa muda mrefu, kwa hiyo zoezi hili si lake kwa wakati huo. Mama aliyejifungua, hata kama ni miaka kadhaa iliyopita, atazame tumbo lake wakati mguu unashuka: katikati, kutoka kifuani mpaka kitovuni, pakiinuka kitu kama mgongo wa paa la nyumba, maana yake ni kwamba misuli miwili ya mbele imeachana na mvuto bado ni mkubwa kwake. Arudi hatua moja, atoe pumzi kabla ya kusogea, na tuta hilo lisipopotea hata katika hatua rahisi, atafute kine ampime. Kwa mshonaji nililitazama tangu siku ya kwanza, na lilijitokeza mara moja tu, siku aliyojaribu kunyoosha mguu wote akiwa amechoka baada ya siku ya kazi nyingi kabla ya sikukuu.

Kwa kiasi, sizidishi. Marudio matano hadi manane kwa kila upande, seti mbili au tatu, siku tatu katika juma zenye mapumziko katikati, yanamtosha anayeanza. Rudio ambalo kitambaa kimeteleza halihesabiwi, na yakiteleza mawili mfululizo seti imekwisha, hata kama ni la tatu katika manane. Mshonaji aliiona kanuni hiyo kuwa kali siku za kwanza, kwa sababu jioni moja alimaliza zoezi lake lote kwa marudio manne. Kesho yake aliniambia kwamba kiuno hakikuwa kimechoka, kwa mara ya kwanza tangu aanze.

Katika juma la saba alinyoosha mguu mzima, goti limenyooka, mkono wa upande wa pili ukipita juu ya kichwa mpaka karibu na sakafu, huku binti yake akivuta kikwembe. Mguu wa kushoto ulifika kimo cha ngumi moja juu ya mkeka bila kitambaa kuteleza. Wa kulia bado husimama kimo cha shibiri, na kwa sasa ndipo anaporudia, marudio sita, kisha anasimama.